MATCH ndani ya VLOOKUP: uzoefu wangu na kwotesheni za hadwea Kisumu

Kazi yangu ni kuandalia wateja kwotesheni katika hadwea moja hapa Kisumu. Tunatumia Excel 2016. Ukiandika msimbo wa bidhaa, VLOOKUP inakuletea jina, kipimo na bei kutoka shiti iitwayo Bei. Bei ya rejareja ilikuwa safu ya 5, kwa hivyo ndani ya fomula kulikuwa na 5.

Kisha msambazaji akatutumia orodha mpya, ameingiza safu ya Kodi katikati. Rejareja ikasogea hadi ya 6, na ya 5 sasa ni bei ya jumla. Fomula haikulalamika. Mabati yakatoka kwa bei ya jumla, mpaka fundi mmoja mzoefu akauliza, “Leo mmeamua kuniuzia kama mwenye duka?”

Siku hizi namba hiyo haiandikwi tena:

```
=VLOOKUP($A2,Bei!$A$1:$Z$500,MATCH(D$1,Bei!$A$1:$Z$1,0),FALSE)
```

D1 kwenye kwotesheni ina maneno “Bei ya Rejareja”. MATCH inayatafuta katika mstari wa vichwa wa shiti ya Bei, inayapata mahali pa 6, inampa VLOOKUP hiyo 6. Kodi ikiondolewa kesho, itarudi 5 yenyewe. Alama ya dola kabla ya A na kabla ya 1 ndiyo inayokuwezesha kuburuta fomula ileile kwenda kulia na chini bila kuigusa. Nimeenda hadi Z makusudi, msambazaji akiongeza safu apate nafasi.

Mtego mbaya ni pale masafa mawili yanapoanza sehemu tofauti. VLOOKUP ikianzia A na MATCH ikianzia B, rejareja itahesabiwa ya 5, na umerudi palepale kwenye bei ya jumla, kimya kimya. Ile 0 nayo usiisahau; ukiiacha, MATCH hudhani vichwa vimepangwa kwa mpangilio.

Ukiona #N/A, andika MATCH peke yake kwenye seli tupu. Ikitoa namba, basi msimbo ndio haupo. Ikikataa, kichwa hakilingani, na mara nyingi ni nafasi iliyojificha mwishoni. `=LEN(Bei!F1)` inapaswa kutoa 15 kwa “Bei ya Rejareja”. Ikitoa 16, kiandike upya. Herufi kubwa na ndogo hazina shida.

Msambazaji akibadilisha kichwa kuwa “Rejareja” tu, safu nzima inajaa #N/A. Mimi naipenda hiyo: heri kwotesheni ikatae kuliko iseme uongo. Ila vichwa viwili vikifanana, MATCH huchukua cha kwanza kutoka kushoto, na hapo hakuna onyo lolote.

Wenye Excel 2021 wana XLOOKUP. Kompyuta yetu ya kaunta haina, na sijaona sababu ya kumsumbua bosi anunue nyingine.