Densiti ya Y = X²: fomula moja kwa moja au upitie F(y)?

Chukua X imesambaa sawasawa kati ya -1 na 2, densiti yake 1/3. Fomula ya kubadili vigeu ni fasta: x = √y, unazidisha 1/3 kwa 1/(2√y), unapata 1/(6√y) mpaka y = 4, umemaliza... kumbe bado, intigreti uone, inatoka 2/3 badala ya 1, maana umesahau x = -√y, ambayo ipo y ikiwa chini ya 1 tu, hapo unajumlisha zote mbili inakuwa 1/(3√y).

Kupitia F(y) ni ndefu kidogo ila kosa hilo linajionyesha lenyewe: P(-√y < X < √y) ni 2√y/3, y ikivuka 1 inakuwa (√y + 1)/3, ndo unadiferenshieti. Mi fomula naiachia zile zinazopanda tu, kama e^X.