Chatiboti na barua ya karo kwa mwenye nyumba: uzoefu wangu

Nimepanga Mabatini, jijini Mwanza, kwa mzee anayeishi Dar es Salaam, na mkataba wetu unasema kwamba kunyonya karo ni jukumu lake. Karo lilipoanza kufurika wakati wa masika, na kila simu ikaishia kwenye ahadi, niliamua kumwandikia barua pepe kwa msaada wa chatiboti. Majina yetu na namba ya nyumba sikuyaingiza. Niliyajaza mwenyewe mwishoni.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na sarufi nzuri, ila haikufanana na barua zetu. Ilianza na "Mpendwa", ikatumaini kwamba ujumbe umemkuta salama, kisha ikazunguka aya nzima kabla ya kutaja karo. Nilipoielekeza iandike salamu fupi ya heshima, kichwa chenye "YAH:", na ombi lenyewe mapema, ilitii mara moja.

Shida ilikuwa kwenye ukali. Nilipoandika tu "ongeza msisitizo", iliniletea "nasikitishwa mno na uzembe wako" na "hatua kali za kisheria", tena ikataja kifungu cha sheria ambacho nilikitafuta nisikipate popote. Mzee wa rika la baba yangu akiambiwa mzembe hataagiza gari la majitaka, ataniletea notisi ya kuhama. Ndipo nikabadili maelekezo: iondoe kila neno linalomhukumu, itumie mkataba peke yake, na ibakize mambo matatu, yaani wajibu, tarehe na njia mbadala. Matokeo, baada ya mimi kubadilisha "Ndugu" kuwa "Mzee wangu", yalikuwa haya:

"Mzee wangu, kwa heshima naomba kukukumbusha kuwa kipengele cha 7 cha mkataba wetu kinamtaka mwenye nyumba agharamie kunyonya karo. Naomba kazi hiyo ifanyike kabla ya Ijumaa, tarehe 16 Mei. Iwapo itakuwa vigumu, naomba ridhaa yako kwa maandishi ili nilipie mimi shilingi 180,000, na kiasi hicho kipunguzwe kwenye kodi ijayo."

Hakuna neno kali hapo, lakini tarehe imewekwa na mlango wa kuchelewesha umefungwa. Maneno "kwa maandishi" niliyasisitiza mimi, kwa sababu chatiboti ilikuwa imeandika kwamba "nitakata" gharama hiyo kwenye kodi, na mpangaji anayekata bila ridhaa anaweza kuhesabiwa kuwa ana deni.

Kwa mpangilio na lugha ya heshima, ningeitumia tena hata kwa barua ya ofisini, lakini kifungu chochote cha sheria inachotaja nitakiondoa mpaka nikione kwenye sheria yenyewe. Mzee alipiga simu kukubali kwamba nilipie. Nilimshukuru, nikamwomba anijibu pia kwenye barua pepe ileile, naye akafanya hivyo kabla sijamwita mwenye gari.