Gitaa la Gemu kwa PS5: Kabla ya Kulipa, Uliza Kipokezi

Mwezi uliopita nilinunua gitaa la gemu la enzi ya PS3, lililotumika. Vitufe vyake vitano vya rangi vilibonyezeka vizuri, na muuzaji akaniapia kwamba lilikuwa kamili. Nilipofika nyumbani nikagundua kwamba kile kidude kidogo cha USB kinachopokea mawimbi ya gitaa hakikuwamo. Nilipompigia alinijibu kwamba kinapatikana popote. Nimekitafuta, hakipatikani.

Watu hukagua rangi na mikwaruzo, wakasahau kidude hicho. Magitaa ya PS3 yasiyo na waya hayaunganiki moja kwa moja na konsoli kama padi yake ya kawaida. Yanahitaji kipokezi kilichotengenezwa kwa ajili yake, na kipokezi cha toleo moja huenda kisilitambue gitaa la toleo jingine, hata kama yote mawili ni ya chapa ileile. Kwa hiyo usiridhike na picha. Mwambie muuzaji achomeke kipokezi mbele yako, abonyeze kitufe chake kama kinacho, kisha abonyeze kitufe cha PS kwenye gitaa. Taa ikiacha kumeta na kutulia, vimeungana. Ikiendelea kumeta, huenda amekuletea kipokezi cha gitaa lingine, basi shika pesa yako.

Kwa PS5, chaguo langu la kwanza ni Riffmaster ya PDP, iliyotoka mwaka 2024, na sioni haya kuipendelea: ni mpya, inakuja na kipokezi chake, shingo yake inakunjwa, na inachajiwa kwa waya wa USB-C. Angalia tu kwamba boksi limeandikwa PlayStation, kwa sababu ile ya Xbox ni bidhaa tofauti.

La pili ni gitaa la Rock Band la PS3 lenye kipokezi chake halisi. Linachezeka katika Rock Band 4, gemu ya PS4 iliyotoka mwaka 2015 ambayo PS5 huiendesha, lakini usilitarajie kufanya kazi katika kila gemu nyingine. Ngoma za PS3 zinafuata kanuni hiyohiyo ya kipokezi.

Vifaa vya Xbox 360 usivinunue kwa ajili ya PS5. Hata kwenye Xbox One vinahitaji adapta maalumu, ambayo ilitengenezwa kwa muda tu, na leo wanaoishikilia wanaiuza kana kwamba ni kito. Mikeka ya dansi ya bei rahisi iache kwa wenye kompyuta na programu ya StepMania.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba wauzaji sasa wanatenganisha seti: gitaa linatangazwa peke yake, kipokezi peke yake, na kwa kidude kinachoingia katika kiganja cha mtoto, mmoja wao aliniomba bei iliyozidi ile niliyotoa kwa gitaa zima.