Stevia na vitamu vingine kwa mwenye kisukari: kipi ununue kwanza

Kwa chai ya kila siku, nunua matone au unga wa stevia tupu (E960). Stevia iliyosafishwa ni tamu mara 200 hadi 300 kuliko sukari, na haipandishi sukari ya damu. Kikombe ulichozoea kukitia vijiko viwili vya sukari, gramu 8 hivi, kinatosheka na miligramu 40 tu. Kiasi hicho ni shida kukipima kwa kijiko, ndiyo maana mimi napendelea matone. Kwa mtu wa kilo 60, kiwango salama kilichowekwa na wataalamu wa FAO na WHO ni kama miligramu 720 kwa siku kwa aina iitwayo rebaudiosidi A. Hivyo ni vikombe 18, na sijui nani anavimaliza. Ukizidisha, ulimi ndio utakaokwambia kwanza, maana uchungu wake hung'ang'ania. Anza na tone moja, koroga, onja.

Geuza pakiti kabla ya kulipa. Vipakiti vingi vya gramu moja vimejazwa deksitrosi au maltodekstrini, na stevia imo kidogo tu. Kipakiti kimoja si neno. Mfuko mzima wa kuokea keki uliojazwa hivyo ni wanga unaopandisha sukari, hata kama mbele umechorwa jani la kijani.

Ya pili ni stevia iliyochanganywa na erithritoli (E968). Utamu wake unakaribia wa sukari, na sehemu kubwa ya erithritoli hufyonzwa na kutoka kwa mkojo, hivyo tumbo halisumbuki sana. Wenye ugonjwa wa moyo wamuulize daktari kwanza, kwa kuwa utafiti wa 2023 uliihusisha na kuganda kwa damu, ingawa haukuthibitisha kuwa ndiyo chanzo.

Majani makavu nayaweka nafasi ya tatu. Kericho wanayalima, lakini utamu hutofautiana jani kwa jani, yana ladha ya majani mabichi, na kile kiwango salama kilipimwa kwa stevia iliyosafishwa.

Mwisho kabisa ni biskuti na chokoleti za "bila sukari" zenye maltitoli (E965) au sorbitoli (E420). Maltitoli hupandisha sukari, ila kwa kiasi kidogo kuliko sukari yenyewe. Zote mbili hazifyonzwi vizuri: huvuta maji kwenye utumbo, kisha bakteria huzichachua. Chukua pakiti ya gramu 150 iliyoandikwa gramu 20 za polioli, yaani kundi la vitamu hivi, kwa kila gramu 100. Ukiimaliza umekula gramu 30, na wengi hapo hujaa gesi, tumbo likanguruma, wakaishia kuhara. Kula biskuti mbili, ungoje hadi kesho.

Usiitoe sukari ya kawaida nyumbani. Anayechoma insulini akishuka chini ya 4 mmol/L anahitaji kijiko kikubwa cha sukari kwenye maji, kisha apime tena baada ya dakika 15. Stevia hapo haimsaidii kitu.