Fundi wa injini za boti: kungoja kuitwa au kwenda na mwezi?

Pale mwalo wa Kirumba jijini Mwanza, fundi wa kuitwa hulipwa vizuri siku injini inapozima. Lakini siku hiyo mwenye boti amekosa giza la kuvulia, ana hasira, na spea inatafutwa mbio mjini kwa bei yoyote. Kesho yake, huenda simu isilie kabisa.

Njia ya pili ni makubaliano ya kila mwezi, nami naipendelea. Wavuvi wa dagaa hupumzika mbalamwezi inapong'aa, kwa kuwa taa zao hazivuti samaki. Siku hizo boti ziko nchi kavu. Tuseme unahudumia boti 8 kwa shilingi 25,000 kila moja: hizo ni 200,000 unazozijua mapema. Unakagua plagi, unatazama kama maji ya kupoza yanatoka kwa nguvu, kisha unafungulia oili ya gia kidogo. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yamepenya kwenye sili; ibadilishe kabla gia hazijalika. Kila boti iwe na ukurasa wake daftarini, ujue sili na impela za kununua kwa pamoja.

Spea zilipwe kando, la sivyo injini moja chakavu itameza faida ya zote.