Uzoefu wangu: mfasiri aliyetutengenezea tangazo la zamu ya usiku kwa lugha mbili, Mtwara

Kiwanda chetu kinabangua korosho hapa Mtwara, na msimu ukikolea tunaongeza zamu ya usiku. Wabanguaji na wachambuaji wa madaraja wanasoma Kiswahili. Meneja wa uzalishaji na mafundi wa mashine ni wageni, Kiswahili chao kinaishia kwenye salamu. Kwa hiyo tangazo la zamu hutoka kwa lugha mbili na kubandikwa ubao mmoja pale getini. Kwa msimu wa 2024 kazi hiyo nilimpa mfasiri wa kujitegemea wa hapa mjini. Mimi ni afisa utumishi, kwa hiyo naandika kama mtu anayebaki na wafanyakazi tangazo likishabandikwa.

Rasimu niliyompelekea ilikuwa ya Kiingereza, ya meneja, na chini yake tafsiri ya Kiswahili iliyoandikwa haraka na mtu wa ofisini. Nilitaka airekebishe tu. Alizisoma zote mbili, akanipigia simu: "Kaka, kabla sijagusa Kiswahili, niambie kwanza hiyo zamu inaanza usiku upi."

Niliona swali la ajabu. Kiingereza kilisema Ijumaa usiku, na Kiswahili kilisema "usiku wa Ijumaa, saa 8:00". Akaniambia nishuke chini nikamuulize mtu mzima yeyote. Nikamwendea mama mmoja wa sehemu ya kubangua, wa siku nyingi, nikamsomea sentensi ile. "Usiku wa Ijumaa si ndiyo Alhamisi jua likishazama, mwanangu? Na saa nane hiyo watu wamelala, mnatuita kufanya nini?"

Alikuwa sahihi kwa yote mawili. Kwa hesabu ya wazee wa pwani, siku huanza magharibi, kwa hiyo usiku wa Ijumaa hutangulia mchana wa Ijumaa. Vijana wengi wangeelewa ni Ijumaa baada ya kazi. Sentensi moja, na watu wa zamu moja wangefika siku mbili tofauti. Na saa nayo ilikuwa imenakiliwa namba tu kutoka Kiingereza: saa nane ya jioni kwa kuhesabu kwao ni saa mbili usiku kwetu, tofauti ya saa sita.

Alivyolitatua ndiyo sababu ya kumsifu. Hakugusa Kiswahili peke yake, alibadilisha na Kiingereza. Kila upande sasa unataja mwanzo na mwisho kwa siku, tarehe na saa, na namba ya saa 24 kwenye mabano, ambayo haibadiliki kwa lugha yoyote. Upande wetu ulisomeka hivi:

"Zamu ya usiku ya kwanza inaanza Ijumaa tarehe 8 Novemba 2024, saa 2:00 usiku (20:00), na kuisha Jumamosi tarehe 9 Novemba 2024, saa 12:00 asubuhi (06:00)."

Juu yake aliongeza "usiku wa kuamkia Jumamosi", maneno ambayo mzee na kijana wanayaelewa sawasawa. Sentensi ni ndefu, lakini aliyeisoma hakuwa na la kuuliza.

Kisha akanirudisha kwenye mstari wa muda wa ziada. Meneja aliandika kwamba wafanyakazi huenda wakaombwa kubaki kwa muda usiozidi saa mbili baada ya zamu. Tafsiri ya ofisini ilisema "watatakiwa kubaki saa mbili". Ombi limegeuka amri, na kikomo kimegeuka kiwango. Tena mtu aliyechoka asubuhi akisoma "kubaki saa mbili" anaweza kuelewa abaki mpaka saa mbili kamili, au abaki kwa muda wa saa mbili. Kwa bahati, zamu inaisha saa kumi na mbili, kwa hiyo safari hii zote zingeangukia palepale. Zamu ingeisha saa moja, wangegawanyika.

Hapo nililazimika kuingia mwenyewe, kwa sababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu muda wa ziada bila makubaliano, wala mfanyakazi kuvuka saa 12 kwa siku. Zamu yetu ni saa tisa za kazi na saa moja ya mapumziko, siku tano kwa wiki, ili isivuke saa 45. Tukakubaliana sentensi hii: "Mfanyakazi aliyekubali kwa maandishi anaweza kuombwa kufanya kazi ya ziada kwa muda usiozidi saa mbili." Kiingereza nacho kikaongezewa yale maneno ya kukubali kwa maandishi, ambayo hayakuwemo. Meneja alinuna kidogo, akasaini.

Kuhusu mpangilio: alileta jedwali la safu mbili, Kiswahili kushoto, Kiingereza kulia, kila kanuni kwenye mstari wake na namba ileile. Namba 4 huku ni namba 4 kule. Mstari ukipungua upande mmoja unauona kwa macho, hata kama lugha ya pili huijui.

Ukaguzi wake ndio ulionishangaza kwa urahisi wake. Alimpa mwenzake safu ya Kiswahili peke yake, ambaye hakuwahi kuona Kiingereza, airudishe kwa Kiingereza, halafu akalinganisha. Mle ikaonekana kwamba "wafanyakazi wote" wa kwetu walijumuisha vibarua wa msimu, wakati meneja aliwalenga wenye mikataba ya mwaka tu. Baada ya hapo akaniachia maswali ya kuuliza watu wawili waliosoma kila mmoja lugha yake: nani anaingia, lini, anatoka lini, analipwa nyongeza gani, akiugua anampigia nani. Niliyauliza getini kwa msimamizi wa wabanguaji na kwa fundi mmoja wa kigeni. Walitofautiana kwenye nyongeza. Kiingereza kilitaja asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku, Kiswahili kilisema "asilimia 5 ya mshahara", na msimamizi alihesabu na posho ndani. Neno "wa msingi" likarudishwa.

Sasa lawama. Alinitoza shilingi 60,000 kwa ukurasa mmoja, wakati steshenari inakutafsiria kwa bei ya chakula cha mchana. Alichukua siku zaidi ya alizoahidi. Lugha ya sakafuni haijui: aliandika "kitengo cha uondoaji wa maganda", nikarudisha "kubangua". Na alileta faili lililofungwa, lisiloharirika, kwa hiyo meneja alipohamisha muda wa mapumziko dakika za mwisho, katibu wetu aliandika upya upande wa Kiingereza tu. Nakala mbili zenye mapumziko tofauti zilikaa ubaoni tangu asubuhi mpaka mchana. Tangu hapo nadai faili la kuharirika, na chini ya kila tangazo kuna namba ya toleo na tarehe, zikiwa zilezile pande zote mbili. Asiyebadilisha safu zote mbili habandiki.

Meneja aliomba pia uongezwe mstari kwamba lugha zikitofautiana Kiingereza ndicho kifuatwe. Mfasiri alikataa kuuandika kabla hatujaamua kama wabanguaji watafungwa na maandishi wasiyoweza kuyasoma. Tuliuandika kinyume, Kiswahili ndicho kifuatwe, na meneja akaanza kusoma Kiingereza chake kwa makini zaidi kuliko zamani.

Kwa tangazo la maji kukatika sitampelekea, hilo naandika mwenyewe. La zamu, mishahara au likizo, nampa, na namwambia mapema kwamba nataka lile faili.