Nimelipia king'amuzi, siku tano naangalia kioo cheusi

Jumamosi tarehe 8 saa moja jioni nililipia kifurushi kwa simu, shilingi 25,000. Ujumbe wa muamala ukaja hapo hapo. Saa mbili mpira umeanza, kwenye runinga bado imeandikwa nilipie.

Huduma kwa wateja wakaniambia, "Kaka, acha king'amuzi kikiwa kimewaka kwenye chaneli ya kifurushi chako, tunakurifreshia." Hilo ni ushauri wa kweli: ruhusa ya kufungua chaneli hushuka kupitia setilaiti, na ikishuka wakati umezima, haikufikii. Nikasubiri nusu saa. Wapi!

Jumapili wakaniambia nikasogeze dishi. Hapo nikakataa, maana chaneli ya matangazo yao wenyewe ilikuwa inaonyesha vizuri kabisa, bila kukatakata. Dishi likiwa na shida, kwa kawaida hata hiyo ingesumbua. Zilizofungwa ni za kulipia tu, kwa hiyo tatizo liko kwenye akaunti. Lakini kila nikipiga napokelewa na mtu mpya, naye ananirifreshia upya kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Jumatatu nikabadili swali. Badala ya kuuliza "mbona hazirudi", nikauliza, "Kwenye akaunti yangu mnaona kadi namba ngapi?" Dada akanisomea. Nikageuza king'amuzi, nikaangalia kibandiko cha chini: namba nyingine kabisa! Ilikuwa ya king'amuzi changu cha zamani kilichoungua, ambacho wakala wao alinibadilishia mwezi uliopita. Hela yangu ilikuwa imefika, ila ruhusa walikuwa wanampelekea maiti.

Mngedhani limeisha. Likapelekwa "kitengo husika", kimya hadi Jumatano.

Ndipo nikaandika barua pepe. Nilitaja namba ya muamala, tarehe na saa niliyolipa, namba zote mbili za kadi na namba ya lalamiko niliyopewa (hii idai siku ya kwanza, mimi niliidai ya tatu). Nikaambatanisha picha ya kibandiko na ya kioo. Nikaomba mambo mawili: wahamishie kifurushi kwenye kadi mpya, na wanirudishie siku zilizopotea. Mwisho nikaandika kwamba wasiponijibu napeleka TCRA. Utaratibu wa TCRA unakutaka uanze kwa mtoa huduma, na barua ile ndiyo ingekuwa ushahidi kwamba nilianza huko. Simu huwezi kuionyesha mtu.

Alhamisi asubuhi chaneli zikarudi. Nikaingia kwenye akaunti kuangalia: mwisho wa kifurushi bado tarehe 7, kana kwamba nimetazama tangu Jumamosi. Nikajibu kwenye barua ile ile, mstari mmoja tu. Jioni ikasogezwa hadi tarehe 12.

Nyota mbili. Moja ni ya yule dada aliyenisomea namba.